Uso Mmoja Kutoka Picha ya Watu Kumi na Wawili

Msiba ukishatangazwa, kazi hugawanywa haraka. Kuna wa turubai na viti, kuna wa chakula, kuna wa kushika daftari la rambirambi. Halafu kuna kijana mmoja, mara nyingi yule mwenye simu nzuri, anayeambiwa atafute picha ya marehemu. Inatakiwa kesho asubuhi, iwe kubwa, iwe na fremu, iwekwe mbele pamoja na maua. Kijana anapekua simu yake, anapekua simu za shangazi na wajomba, na usiku anaipata: mzee yuko kwenye harusi ya mwaka juzi, anatabasamu, suti imemkaa. Ila amesimama kwenye mstari wa watu kumi na wawili.

"Fundi, mtoe mzee peke yake, halafu ikuze iwe A4," anasema kijana studio.

Fundi anafanya alivyoagizwa. Kwenye simu picha ilikuwa safi kabisa, lakini inayotoka kwenye printa ina uso uliofifia kana kwamba mzee amepigwa akiwa nyuma ya chandarua. Kijana anamlaumu fundi, fundi analaumu simu, na simu yenyewe imeandikwa megapikseli 12. Hesabu inayoeleza kilichotokea ni fupi, na inaweza kufanywa kabla hata ya kutoka nyumbani.

Picha ya simu ni mkusanyiko wa nukta ndogo za mraba, kila moja na rangi yake. Nukta hizo ndizo pikseli. Picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo ina jumla ya pikseli milioni 12, na hizo ndizo megapikseli 12 zinazotajwa kwenye boksi la simu. Simu zinazotangazwa kuwa na megapikseli 48 au 50 nazo, zikiachwa kama zilivyotoka dukani, nyingi huunganisha pikseli nne kuwa moja na kuhifadhi picha ya megapikseli 12 hivi. Kwa hiyo picha ya 4000 kwa 3000 ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa simu nyingi zilizo mifukoni mwa watu.

Pikseli hazina ukubwa wa kudumu. Zikimwagwa kwenye karatasi ndogo zinabanana na jicho halizitofautishi. Zikimwagwa zilezile kwenye karatasi kubwa, kila moja inapanuka, na ikifikia ukubwa fulani jicho linaanza kuona kwamba kuna kitu kinakosekana. Ukubwa huo ni upi?

Jibu limebandikwa kwenye ukuta wa kila kliniki ya macho. Mwaka 1862 daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, alichapisha ule ubao wa herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari. Mgonjwa anasimama mita 6 kutoka ubaoni. Mstari unaohesabiwa kuwa wa macho ya kawaida una herufi zenye kimo cha karibu milimita 9, na unene wa wino wa kila herufi ni milimita 1.75 hivi. Hicho ndicho kitu kidogo kabisa ambacho jicho la kawaida hukibagua kutoka mita 6. Ukisogea karibu, kipimo kinapungua kwa kiwango kilekile. Kwenye sentimita 30, umbali ambao mtu hushika picha mkononi, milimita 1.75 inakuwa milimita 0.087. Inchi moja ina milimita 25.4, na ukiigawa kwa 0.087 unapata nukta 290 na kidogo.

Ndiyo asili ya ile namba 300 ambayo mafundi wa uchapaji huitaja kama sheria. Pikseli 300 kwa kila inchi zinatosha kwa picha ya kushikwa mkononi, kwa sababu jicho la kawaida haliwezi kuona nukta iliyo ndogo kuliko hapo. Kijana mwenye macho makali sana anaweza kuzidi kidogo, lakini kwa wasomaji wengi 300 ni zaidi ya kutosha, na picha ya 200 kwa inchi wachache wataigundua.

Kwa kuwa kipimo kinafuata umbali, namba hiyo inashuka mtazamaji anaporudi nyuma. Sentimita 60 zinataka pikseli 150 kwa inchi. Mita 1 inataka 87. Mita 2 zinataka 44 tu. Anayetaka kukokotoa mwenyewe achukue 8700, aigawe kwa umbali wa sentimita, na atapata pikseli zinazohitajika kwa kila inchi ya karatasi.

Mwaka 2015 kampuni ya Apple ilitumia kanuni hii barabarani. Ilichukua picha zilizopigwa na watumiaji wa simu ya iPhone 6 na kuzitundika kwenye mabango makubwa ya miji mingi duniani. Kamera ya simu hiyo ilikuwa na megapikseli 8, yaani pikseli 3264 kwa 2448. Ukiinyoosha picha kama hiyo kwenye bango la upana wa mita 12, kila pikseli inakuwa na upana wa karibu milimita 4, na mtu akisogeza pua kwenye bango ataziona kama vigae. Lakini bango la barabarani halitazamwi kwa pua. Kutoka mita 13 na kuendelea, milimita 4 hizo ziko chini ya uwezo wa jicho, na picha inaonekana safi. Megapikseli 8 zinatosha bango la mita 12, na wakati huohuo hazifiki kiwango cha 300 kwa inchi kwenye karatasi ya A4, ambayo inataka megapikseli karibu 9.

Basi picha nzima ya simu ya megapikseli 12, kabla haijakatwa, ina uwezo gani? Pikseli 4000 zikigawanywa kwa 300 zinatoa inchi 13 na kitu, yaani A4 inayoshikwa mkononi bila wasiwasi na nafasi kidogo ya ziada. Zikigawanywa kwa 150, kwa picha ya kutundika ukutani, zinatoa inchi 26, ambazo zinazidi urefu wa karatasi ya A2. Kijana wetu hakukosea kudhani simu yake inaweza kutoa A4. Inaweza, hata zaidi. Kosa liko kwenye lile neno "mtoe mzee peke yake".

(Kuna namba nyingine inayowasumbua watu bure. Wanaofungua taarifa za picha kwenye kompyuta hukuta imeandikwa 72 dpi na kudhani picha ni mbovu. Namba hiyo ni lebo tu iliyobandikwa na kamera. Haibadilishi pikseli hata moja, na picha ya 4000 kwa 3000 yenye lebo ya 72 huchapwa sawasawa na yenye lebo ya 300.)

Kukata picha ni kutupa pikseli, na hutupwa nyingi kuliko mkono unavyohisi. Anayekata hadi ibaki nusu ya upana na nusu ya kimo anajiona amebakiza nusu ya picha. Amebakiza robo: katika megapikseli 12 ana 3. Akibakiza theluthi ya upana na theluthi ya kimo, ana moja ya tisa, yaani megapikseli 1.3. Kuvuta kwa vidole kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga ni ukataji huohuo uliofanywa mapema, isipokuwa pale simu inapohamia kwenye lenzi yake nyingine ya kuvuta mbali.

Bado kuna nafasi nzuri ya kukata, mradi mtu ajue karatasi anayoielekea. Picha ya kawaida ya studio, inchi 4 kwa 6, inataka pikseli 1200 kwa 1800 kwa kiwango cha 300. Mwenye 4000 kwa upana anaweza kukata hadi ibaki chini kidogo ya nusu ya upana na picha isipoteze chochote kinachoonekana. Kwa A4 ya kushika mkononi, akiridhika na 200 kwa inchi, anahitaji kubakiza 2340 kwa upande mrefu, zaidi kidogo ya nusu. A3 ya ukutani kwa 150 inataka 2480, karibu sawa na hiyo A4, kwa kuwa karatasi imekua lakini mtazamaji naye amerudi nyuma.

Tahadhari moja kwa wanaopenda fremu: simu hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, karatasi ya 4 kwa 6 ina uwiano wa 3 kwa 2, na A4 ina wake. Printa itakata pembeni ili karatasi ijae, mtu apende asipende. Picha ya simu ikijaza karatasi ya 4 kwa 6 inapoteza kama asilimia 11, kwa kawaida juu na chini, na ndiyo maana vilemba na viatu hupotea. Ni bora mtu akate mwenyewe akiona anachokata.

Sasa turudi kwa mzee na watu wake kumi na mmoja.

Mstari wa watu kumi na wawili waliosimama bega kwa bega una urefu wa karibu mita 6, na mpiga picha alirudi nyuma hadi wote wakaenea. Pikseli 4000 zimegawanywa kwenye sentimita 600, kwa hiyo kila sentimita ya harusi ile imepata pikseli 6.7. Picha ya kichwa na mabega inayofaa kuwekwa mbele ya waombolezaji hukata eneo la upana wa sentimita 60 na kimo cha 80 hivi. Zidisha, na kilichobaki ni pikseli 400 kwa 533. Kati ya megapikseli 12, mzee ameondoka na 0.2. Kichwa chake chenyewe, kutoka kidevuni hadi utosini, kina pikseli kama 150. Na kwa sababu watu walibanana, bega la jirani limo ndani.

Pikseli 400 kwa 533, kwa kiwango cha 300, zinatosha karatasi ya sentimita 3.4 kwa 4.5. Hiyo ni picha ya pasipoti. Picha ya watu kumi na wawili ina ndani yake picha kumi na mbili za pasipoti, na si zaidi.

Ikinyooshwa kwenye A4, inabaki na pikseli 46 kwa inchi. Tumia ile 8700: mtazamaji anatakiwa asimame karibu mita 2 ili asione upungufu. Kwenye ibada, kwa aliyeketi mstari wa pili, picha itaonekana sawa. Kwa mjane atakayeichukua nyumbani na kuishika mapajani, haitakuwa sawa. Hapo ndipo familia inatakiwa iamue picha ni ya kutazamwa wapi, maana hesabu ya picha ya mbele ya jeneza na hesabu ya picha ya sebuleni ni mbili tofauti.

Hesabu hii yote imechukulia kwamba kijana anayo picha yenyewe, kama ilivyotoka kwenye kamera. Mara nyingi hana. Ana ile iliyotumwa kwenye grupu la familia.

WhatsApp, ikituma picha kwa ubora wa kawaida, huipunguza hadi upande mrefu uwe na pikseli 1600 hivi. Picha ya 4000 kwa 3000 inafika ikiwa 1600 kwa 1200, chini ya megapikseli 2. Kwa mtazamo wa karatasi ya 4 kwa 6 hilo si janga. Picha nzima bado inatoka vizuri, kwa kiwango cha zaidi ya 250 kwa inchi. Janga linakuja pale mzee anapokatwa kutoka humo. Sasa ana pikseli 160 kwa 213, na kwenye A4 ni 18 kwa inchi. Mtazamaji aende mita 5.

Na hasara si ya pikseli peke yake. Ili faili liwe jepesi, picha ya JPEG hugawanywa katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8, na kila kiboksi huelezwa kwa ufupi. Faili likibanwa zaidi, maelezo ya kila kiboksi hupungua. Kwenye picha kubwa viboksi hivyo havionekani. Lakini katika picha ya mzee iliyopita WhatsApp, jicho lake lote, lenye upana wa sentimita 3 hivi, lina pikseli 8. Jicho zima ni kiboksi kimoja. Hakuna kope humo, hakuna mng'ao wa mboni. Kuna weusi kidogo na weupe kidogo uliokadiriwa. Fundi akikikuza, hana cha kukuza.

Mwaka 2023 WhatsApp iliongeza chaguo la "HD", ambalo hupeleka pikseli nyingi zaidi ingawa bado hubana faili. Njia salama ni kumtafuta aliyepiga picha, mwenyewe, siyo aliyeisambaza, na kumwomba aitume kama faili kwa kuchagua "Document" badala ya kuitoa kwenye albamu. Ikifika, iangaliwe taarifa zake. Picha ya simu ambayo haijaguswa huwa na megabaiti 2, 3 au zaidi na huonyesha vipimo kama 4000 kwa 3000. Ikionyesha kilobaiti mia mbili tatu na upande wa 1600, imeshapita kwenye grupu. Ikiwa na upana wa 1080, kuna mtu aliipiga picha ya skrini kutoka kwenye stetasi, na hapo mzee amebaki na pikseli kama 108 kwa upana. Kwa karatasi yoyote inayofaa fremu, hiyo iachwe.

Mbona basi kwenye simu ilionekana safi? Kwa sababu skrini ya simu ni ndogo na pikseli zake zimebanana sana, nyingi zikiwa karibu 400 kwa inchi. Picha ya watu kumi na wawili ikiwa imelala kwenye upana wa sentimita 7, kichwa cha mzee hakifiki milimita 3. Katika udogo huo hata picha mbovu inajificha. Simu ni mahali pabaya pa kuhukumia picha itakayochapwa. Kwenye kompyuta, ambayo skrini zake nyingi za mezani huwa na pikseli karibu 96 kwa inchi, picha ifunguliwe kwa asilimia 100, ili pikseli moja ya picha ichukue pikseli moja ya skrini. Unachokiona hapo ni karibu na kile ambacho karatasi ya 96 kwa inchi ingekupa.

Ukiitazama hivyo, utagundua pia kwamba kufifia kuna vyanzo zaidi ya kimoja, na vinatofautiana kwa sura. Pikseli zikiwa chache, mistari ya mshazari kama kola ya shati huonyesha ngazi ndogondogo, na nywele huwa doa moja, lakini vitu vyote kwenye picha vina hali hiyohiyo. Mkono ukiwa ulitikisika, vitone vya mwanga, kama taa za ukumbi au mng'ao wa miwani, huvutika vyote kuelekea upande mmoja. Kamera ikiwa ililenga pasipofaa, uso umefifia ilhali pazia la nyuma au maua ya mezani yana ukali mzuri. Na picha ya usiku ya simu huwa na dalili yake: ngozi laini kama nta, vinyweleo na mikunjo imefutwa, kwa sababu simu ilisafisha chembechembe za giza na kuondoa na maelezo ya uso pamoja nazo.

Hizi tatu za mwisho hazitibiwi na pikseli. Picha iliyotikisika kwa upana wa pikseli 4 haina ukali wa megapikseli 12 hata kama faili lina hesabu hiyo. Kukata kwake kuwe kwa woga zaidi. Ndiyo maana hesabu ya ukataji hutoa kikomo cha juu. Picha ikiwa imepigwa mchana, kwa mkono uliotulia, lenzi ikiwa imefutwa alama za vidole, kikomo hicho hufikiwa. Picha ya ukumbini saa nne usiku haifiki.

Kwa familia yenye haraka, muda unaotumika kumsihi fundi aboreshe picha ya mstari ungefaa utumike kutafuta picha nyingine. Chukua picha ya watu wanne waliosimama kwenye fremu ya mita mbili na nusu. Kila sentimita ina pikseli 16, na mzee akikatwa kwa kipimo kilekile anaondoka na 960 kwa 1280. Kwenye A4 ni karibu 110 kwa inchi, safi kabisa kwa aliye sentimita 80 mbele yake. Simu ni ileile, ubora uleule wa kamera. Tofauti ni nafasi ambayo uso ulipewa.

Halafu kuna droo. Picha za karatasi za zamani hupuuzwa kwa sababu hazina megapikseli zilizoandikwa popote, wakati picha ya pasipoti iliyochapwa vizuri, ya sentimita 3.5 kwa 4.5, ina kichwa kinachojaza sehemu kubwa ya kimo chake. Ikiwa karatasi hiyo imebeba nukta 300 kwa inchi, kichwa kina pikseli karibu 400 za kweli. Kwenye picha ya harusi, iliyopigwa kwa megapikseli 12, kichwa kilekile kilikuwa na 150. Kipande cha pasipoti kilichobaki kwenye bahasha kinaweza kushinda.

Picha ya zamani ya 4 kwa 6, ya mtu mmoja kuanzia kifuani, ni bora zaidi. Haihitaji skana. Iwekwe juu ya meza karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, taa ya simu izimwe ili isiache doa jeupe, na simu ishikwe sambamba na karatasi hadi picha ijaze skrini. Megapikseli 12 zikimwagwa juu ya karatasi ndogo vile zinachukua zaidi ya nukta 600 kwa inchi, ambazo zinazidi kile karatasi yenyewe ilicho nacho. Kutoka hapo, kukuza mara mbili hadi karibu na A4 kunaacha 150 za kweli kwa inchi, na hiyo ni picha ya ukutani isiyo na aibu. Ikiwa karatasi ina michirizi au uso wake una vinundu, hivyo navyo vitakuzwa.

Studio nako kuna mambo mawili ya kuangalia. Printa ikipewa pikseli chache haikatai. Programu hujaza mapengo kwa kukisia rangi ya katikati ya pikseli mbili zilizo jirani. Ukisiaji huo ndio huleta ulaini badala ya vigae. Unapendeza kidogo zaidi, lakini hauongezi kope wala mvi. Jambo la pili ni ukali wa bandia. Fundi akiulizwa "kwani huwezi kuipa ukali?" anaweza, na kwa kiasi inasaidia, lakini akizidisha, mstari mweupe unatokea kuzunguka kichwa pale kinapokutana na ukuta wa nyuma, na mikunjo ya uso inakuwa kama imechorwa kwa kalamu. Mtu aliyekuwa na miaka 60 anaonekana ana 75. Karatasi isiyong'aa huficha upungufu vizuri kuliko ukali wa kulazimisha.

Kabla ya kulipia kubwa, kuna jaribio la bei ya picha moja ndogo. Tuseme familia imechagua picha ya watu wanne na inataka A3. Mzee akikatwa, karatasi hiyo itakuwa na pikseli 77 kwa inchi, yaani 30 kwa kila sentimita. Karatasi ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 ingebeba, kwa ukuzaji huohuo, kipande cha pikseli 300 kwa 450. Fundi akate kipande hicho hasa kwenye uso, akichape kwenye karatasi ndogo, na kitakachotoka ni kichwa cha mzee kwa ukubwa uleule kitakaokuwa nao kwenye A3, kimo cha sentimita 12. Kibandikwe ukutani mwa studio. Kila mmoja aliyekuja arudi nyuma taratibu hadi aone macho ya mzee yametulia, kisha umbali upimwe kwa hatua. Hesabu inasema itakuwa kama mita 1.1 hivi. Karatasi itasema kama picha ilitikisika au la.

Umbali huo ukizidi ule ambao picha itatazamwa, hakuna haja ya kubadili fremu. Picha ichapwe ndogo, sentimita 13 kwa 18, ambapo pikseli zilezile zinabanana hadi zaidi ya 180 kwa inchi, na iwekwe katikati ya kadibodi nyeupe ndani ya fremu ya A3.